Kisanduku Ubavuni

Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kufunga mzunguko vibaya. Nasema hivyo bila haya, na anayebisha aje tubishane. Mimi ni fundi wa maabara ya umeme chuoni, na wanafunzi wakiingia wakakuta waya umekaa pasipo pake, basi huyo aliyeugusa ni mwingine. Mume wangu, ambaye ndiye mwalimu wa maabara hiyo hiyo, alikuwa akiwaambia wanafunzi wapya: "Kifaa kikikataa, kosa ni lenu. Kikiendelea kukataa, kosa ni langu. Fundi msimguse." Halafu ananitazama kwa pembeni kuona kama nimecheka. Nilikuwa sicheki, nisije nikamharibu.

Kazini tulikuwa Mwalimu na Fundi. Nyumbani alikuwa Mzee wangu, nami Mama. Binti yetu, ambaye ameolewa mbali, alikulia katikati ya mabishano ya mezani kuhusu koili na kapasita, na ndiyo maana amesomea sheria.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la vitu vitatu vilivyopangwa foleni moja: rezista, koili na kapasita. Unaupa mzunguko umeme wa ghafla wa jenereta ndogo ya mezani, kutoka sifuri kuruka juu mara moja, kisha unatazama kwenye kioo cha oskiloskopu, mashine inayochora umeme kama mstari, jinsi volti za kapasita zinavyopanda kuufuata. Vitabu vinaziita tabia tatu za kupanda huko kwa majina marefu ya kufifishwa: kupita kiasi, kwa kiasi cha mpaka, na pungufu. Mume wangu aliwaandikia ubaoni majina ya vitabu, maana mtihani ni mtihani, halafu akawapa ya kwake. Mvivu, Mstaarabu na Kiherehere.

Mvivu ni pale ukinzani wa rezista ulipo mkubwa mno. Mstari unapanda kwa kujikokota, hauuvuki kamwe ule wa mwisho unapotakiwa kutulia, lakini unachelewa kufika. Kiherehere ni pale ukinzani ulipo mdogo. Mstari unaruka juu, unapitiliza, unarudi chini, unapitiliza tena, unatikisika hivyo hadi unachoka. Mstaarabu yuko mpakani kati yao: anafika mapema kuliko wote wasiopitiliza, anakaa, basi. "Nishati inacheza kati ya koili na kapasita," alikuwa akisema, "na rezista ndiye anayeila njiani. Kwenye foleni, rezista mkubwa anakula zaidi. Mtikisiko ukiwasumbua, ongezeni ukinzani." Alilisema hilo kila muhula, kwa sauti ile ile, mpaka mimi nikawa nalitamka kimoyomoyo pamoja naye huku napanga waya.

Na alikuwa na mtego wake. Kwa koili ya milihenri kumi na kapasita ya nanofaradi kumi, hesabu ya mpaka inatoa ukinzani wa omu elfu mbili. Wanafunzi wanaweka elfu mbili kwenye kisanduku cha rezista, kile chenye vitufe vya kuzungusha, wanajisifu kuwa wamempata Mstaarabu. Yeye anawauliza, "Jenereta yenu haina tumbo? Koili yenu imetengenezwa kwa hewa?" Maana jenereta ina omu hamsini za ndani na waya wa koili zetu una thelathini, na zote zimo kwenye foleni. Kisanduku kinatakiwa kisome elfu moja mia tisa na ishirini. Kwa macho tofauti hiyo huioni, lakini yeye alitaka uione kichwani. Kwa macho alikuwa na njia nyingine: teremsha ukinzani mpaka mstari uanze kuchungulia juu ya ule wa mwisho, kisha rudisha nyuma kidogo. Hapo ndipo kwa Mstaarabu.

Huyo ndiye mwanamume niliyeishi naye. Halafu akaanza kunipotea nikiwa namtazama.

Mwanzoni nilimgombeza. Alikuwa anaacha miwani kwenye jokofu, namwambia macho yake yanasikia baridi. Akamwita binti yetu kwa jina la shangazi yake marehemu, tukacheka wote, yeye akacheka muda mrefu kidogo kuliko sisi. Siku aliyosimama nje ya mlango wa maabara na funguo mkononi, akiuliza hapa ni kwa nani, sikugombeza tena. Nilimshika mkono nikampeleka hospitali.

Daktari alituambia kwa upole kwamba huu ni ugonjwa wa kusahau, kwamba dawa zinaweza kuuchelewesha lakini haziurudishi nyuma. Mume wangu alimuuliza maswali mazuri, ya mtu aliyezoea kupima vitu. Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la korido tukisubiri dawa. Watu walikuwa wanapita na makaratasi yao. Akaniambia bila kunitazama, "Mama, nina ombi moja tu. Siku nikianza kukosea mbele ya wanafunzi, uniambie wewe. Usiache nikaambiwa na mtu mwingine."

"Nitakuambia."

"Usinihurumie."

"Lini nimekuhurumia mimi?"

Akacheka. Nikaapa hapo hapo kwenye lile benchi, na nilimaanisha.

Muhula uliofuata ulianza vizuri. Kisha wanafunzi wakaenda kulalamika kwa mkuu wa idara kwamba somo moja wamefundishwa mara tatu. Mkuu wa idara alikuwa mwanafunzi wa mume wangu, kijana mwembamba enzi hizo, sasa ana kitambi na heshima. Alikuja maabara mwenyewe, akashika mgongo wa kiti badala ya kukikalia.

"Mama, kwenye somo lijalo la vitendo nitakaa nyuma nisikilize," alisema. "Likienda vizuri, nitawanyamazisha hao, Mwalimu amalizie mkataba wake kwa amani. Lisipokwenda vizuri, sitakuwa na la kufanya. Wanafunzi nao wana haki yao."

Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kushikia. Alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo tukajiandaa. Nyumbani, baada ya chai, nilimketisha nikajifanya mwanafunzi mzito wa kuelewa, kazi ambayo yeye alisema naiweza bila kujifanya. Alinieleza Mvivu, Mstaarabu na Kiherehere bila kuyumba. Nikamtega na ile elfu mbili, akaninyooshea kidole: "Tumbo la jenereta, Mama." Nililala nikiwa na matumaini, na matumaini yale ndiyo yaliyoniumiza zaidi baadaye.

Siku yenyewe nilifunga mizunguko ya meza zote mapema nikaikagua upya. Nilimchagulia shati la bluu. Mkuu wa idara akaingia na kukaa nyuma kabisa, karibu na kabati la waya. Mume wangu alimwona, akatabasamu, akasema, "Huyu alinivunjia mita moja mwaka wake wa kwanza. Msimwige." Darasa likacheka. Mkuu akacheka pia, na mimi nikapumua.

Alianza vizuri sana. Alichora ule mruko wa ghafla ubaoni, akachora tabia tatu juu yake, mkono ukiwa imara. Akaandika hesabu ya mpaka, mara mbili ya mzizi wa pili wa koili kugawa kwa kapasita, akapata elfu mbili. Akawaambia waweke kisanduku kwenye omu mia na ishirini, na kwenye vioo vyote Kiherehere akatokea, anaruka na kutikisika vizuri kabisa.

"Sasa tunamtaka Mstaarabu," alisema. "Tunaua huu mtikisiko. Punguzeni ukinzani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Wanafunzi wakazungusha vitufe kwenda chini. Mtikisiko ukarefuka kwenye kila kioo.

"Punguzeni zaidi."

Wakafika sifuri. Sasa kilichobaki kwenye foleni kilikuwa zile themanini za jenereta na koili, na mistari ilitikisika mara nyingi, kwa muda mrefu, karibu ijaze kioo. Msichana mmoja mwenye miwani minene, aliyekaa meza ya mbele, akainua mkono. "Mwalimu, inazidi."

"Haiwezi kuzidi."

"Inazidi, Mwalimu. Labda tuongeze?"

Mume wangu aliinama kwenye kioo chake. Nilimwona akitazama kwa makini, kwa namna anavyotazama mtu jina la mtaa asioufahamu. Kisha akainua kichwa, akanitafuta kwa macho nilipokuwa nimesimama ukutani.

"Fundi," alisema. "Umefunga vibaya."

Miaka yote ile, hajawahi kunitamkia hayo hata kwa utani. Watu wote waligeuka. Niliutazama mzunguko wa meza ya mbele, ingawa sikuwa na haja. Rezista, koili, kapasita, foleni moja, kila waya mahali pake.

Nilikuwa nimeapa. Lakini si mbele ya watu, nilijiambia. Si akiwa na lile shati.

"Ni kweli, Mwalimu," nikasema. "Nimekosea mimi."

Nikaenda meza ya mbele, nikainama nikachomoa waya mmoja na kuurudisha pale pale ulipotoka. Nikiwa bado nimeinama nikazungusha kisanduku juu hadi elfu moja mia tisa na ishirini. Mtikisiko ukafa. Mstari ukapanda, ukafika, ukakaa.

"Mmeona?" mume wangu aliwaambia. "Ulikuwa waya tu."

Msichana wa miwani aliangalia kisanduku, akaniangalia, kisha akainamia meza yake na kuanza kuzungusha kitufe chake kwenda juu, taratibu, bila kusema neno. Wengine wakamfuata. Nilimpenda mtoto yule kwa ukimya wake.

Mkuu wa idara alinisubiri koridoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, ule waya haukuwa na kosa."

"Najua."

"Mimi nilijifunzia meza ile ile."

"Najua, baba. Usimwambie wewe. Niachie mimi."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka akipitia ngazi za nyuma ili asikutane naye.

Nilirudi ndani. Wanafunzi walishaondoka. Mume wangu alikuwa anafuta ubao, amefuta nusu, amesimama na kifutio mkononi akiutazama mchoro wa Kiherehere uliobaki. Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi kwenye meza. Nilifunga mlango.

"Mzee wangu, kaa."

"Ngoja nimalize."

"Kaa kwanza."

Akakaa. Nikavuta kiti mbele yake tukagusana magoti. Nilikuwa nimepanga maneno kule koridoni, yote yakanikimbia.

"Sikufunga vibaya," nikasema.

Aliweka kifutio mezani. Kisha akauliza swali la mwalimu. "Rezista ulimfunga foleni, au ubavuni mwa kapasita?"

"Foleni."

Hakunibishia. Aliamka, akaenda meza ya mbele, akaufuata mzunguko kwa kidole kutoka jenereta hadi kwenye rezista, kwenye koili, kwenye kapasita, na kurudi. Akazungusha kisanduku kwenda chini, mtikisiko ukaja. Akazungusha juu, ukafa. Akarudia. Akarudia tena, akinong'ona, "Kwenye foleni, mkubwa anakula zaidi. Mkubwa anakula zaidi." Mabega yake yakaanza kutetemeka.

"Niliwaambia nini, Mama?"

"Wapunguze."

"Mbele ya mkuu?"

"Mbele yake."

Akaegemea meza kwa mikono miwili. Nilimshika kiuno kwa nyuma nikaweka shavu kwenye shati la bluu, nikamsikia akilia, na mimi nikalia, na sikuona aibu hata kidogo.

"Kwa hiyo lile ndilo lilikuwa somo langu la mwisho," alisema baadaye.

"Ndilo."

"Asante kwa kuniambia wewe." Akajifuta uso kwa mkono. Kisha akazunguka maabara nzima, akazima kila kifaa na kukivisha kifuniko chake, meza moja baada ya nyingine. Hakuniruhusu nimsaidie. Tulirudi nyumbani kwa miguu tumeshikana mikono, na nilifikiri kwamba jambo gumu kuliko yote nimelimaliza.

Asubuhi nilimkuta chumbani amevaa shati, anatafuta kalamu zake za ubaoni.

"Harakisha, Mama," alisema. "Leo tuna somo la Mvivu na Mstaarabu. Mkuu anakuja kukaa nyuma."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia. Nilimwambia polepole, kama jana, na uso wake ukabadilika kama jana, sehemu zile zile, kwa mpangilio ule ule. Akauliza kama nilifunga foleni au ubavuni. Akauliza aliwaambia nini. Akalia. Akanishukuru kwa kumwambia mimi.

Na kesho yake akaamka akitafuta kalamu.

Hapo ndipo nilipokasirika. Si kwake, Mungu anisamehe, ila kwa lile benchi la hospitali na kile kiapo. Niliapa kumwambia mara moja tu. Hakuna aliyenieleza kwamba nitamvunja moyo mtu yule yule kila asubuhi kabla ya chai, na kwamba kwake itakuwa mara ya kwanza kila mara. Nilimpigia binti yetu simu nikamfokea kwa jambo lisilomhusu. Akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema, "Mama, mpe kitu cha kufanya." Kwa mtu wa sheria, alisema neno la maana.

Nikaenda kwa mkuu wa idara nikamwomba oskiloskopu moja ya zamani iliyokuwa inasubiri kutupwa. Alinipa, akanipa na jenereta, kisanduku, koili na kapasita, akavibeba mwenyewe hadi kwetu, akaviweka juu ya meza ya kulia. Mume wangu alimpokea vizuri, akamuuliza anasoma mwaka wa ngapi. Mkuu akajibu, "Wa kwanza, Mwalimu."

Sasa asubuhi akitafuta kalamu, namwambia darasa liko mezani na mwanafunzi ni mimi. Anakuja. Anavuta kiti, ananieleza mruko wa ghafla, ananichorea tabia tatu nyuma ya bahasha yoyote iliyo karibu. Siku zilizo nzuri anapatia yote, hadi tumbo la jenereta, na mimi najifanya mzito, naye ananitania, na kwa muda mfupi ninaye tena.

Siku moja haikuwa nzuri. Tulikuwa na Kiherehere kwenye kioo, anatikisika. Mume wangu akakisogeza kisanduku mbele yangu.

"Tunaua mtikisiko," alisema. "Punguza ukinzani."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Nikapunguza. Mstari ukazidi kutikisika, na nikaiona ile hali ikianza kuja usoni kwake, kutoka kwenye paji kushuka chini. Niliifahamu njia yake yote. Nilijua ataniuliza nini, nilijua nitamjibu nini, nilijua mabega yataanza lini.

"Ngoja, Mwalimu," nikasema. "Nimefunga vibaya."

Nikakichomoa kisanduku kutoka kwenye foleni, nikaliziba pengo lake kwa waya mfupi, nikakiweka ubavuni mwa kapasita, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Nikakipandisha juu kabisa kwanza. Mtikisiko ulikuwepo bado. Rezista akikaa ubavuni mambo yanageuka: mdogo ndiye anayekula sana. Nilikuwa nalijua hilo tangu ujana wangu, na sikuwahi kudhani litanifaa hivi.

"Sasa?" nikauliza.

"Punguza."

Nikapunguza. Mtikisiko ukafupika. Nikapunguza tena, hadi karibu na mia tano, na mstari ukapanda ukafika ukakaa. Kilele chake kilikuwa kimeshuka kidogo, maana kisanduku sasa kilikuwa kinagawana volti na jenereta na koili, nikaongeza nguvu ya jenereta kwa mkono wa kushoto asije akaona.

Hakuona. Alikuwa anamtazama Mstaarabu, na uso wake umetulia, uso wa mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito hatimaye ameelewa.

"Umeona, Mama?" alisema. "Nilikuambia."

"Uliniambia, Mwalimu."

Aliweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye kitufe. Akageukia dirisha, kama anayekumbuka jambo la mbali.

"Siku nikianza kukosea," alisema, "uniambie wewe. Usiache nikaambiwa na mtu mwingine."

"Nitakuambia," nikasema, na kisanduku nikakiacha pale pale, ubavuni.